Barua ya kuomba mshahara upande: kisa cha dada wa akaunti aliyebebeshwa kazi za watu wawili

Kisa chenyewe ni cha dada mmoja hapa Dar, mhasibu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, kampuni ya familia yenye wafanyakazi thelathini na kidogo. Aliajiriwa Machi 2022 kwa milioni moja na laki moja kabla ya makato. Wakati anaingia, chumba cha akaunti kilikuwa na watu wawili na meneja fedha juu yao. Agosti 2023 mwenzake akaondoka, wakaambiwa nafasi itajazwa, haikujazwa, na hadi Oktoba 2024 alipoamua kuandika barua alikuwa anafanya kazi zote mbili kwa mshahara uleule wa siku ya kwanza. Mimi kazi yangu ni utumishi kwa hiyo alinitumia rasimu niipitie, na kwa ruhusa yake naeleza hapa tulivyoijenga upya, nimebadilisha tu vitu vidogo ili asijulikane.

Rasimu ya kwanza ilikuwa ile ambayo nimeisoma mara nyingi sana mezani kwangu. Maisha yamepanda, nauli imepanda, mtoto anaanza darasa la kwanza, nimefanya kazi kwa uaminifu na kujituma, naomba uongozi unifikirie. Yote hayo ni kweli na yanauma, ila hebu jiweke kwenye kiti cha anayesoma. Maisha yamepanda kwa wafanyakazi wote thelathini, akikubali sababu hiyo kwa mmoja amewakubalia wote, kwa hiyo jibu analoliona salama ni kusema tusubiri bajeti. Hiyo ni sababu ya nyongeza ya jumla, si sababu ya mshahara wa mtu mmoja. Ndio maana pia Mei Mosi 2025 iliposemwa kima cha chini cha watumishi wa umma kinapanda kwa 35.1% kutoka 370,000 hadi 500,000, watu wa kampuni binafsi walioichomeka ile asilimia kwenye barua zao hawakuwa na hoja, maana ile ni mishahara ya serikali na ni kima cha chini, haigusi mhasibu wa kampuni binafsi anayelipwa juu ya milioni.

Sasa alivyoelewa hilo akarudi na rasimu ya pili, na hii ndiyo iliyokuwa na mtego mkubwa zaidi ingawa ilionekana nzuri. Ilikuwa imejaa wingi wa kazi. Ankara zimeongezeka, mafaili ya mizigo yameongezeka, natoka ofisini saa mbili usiku, nafanya kazi za watu wawili. Nikamuuliza, wewe ungekuwa mkurugenzi ukasoma hii ungefanya nini? Akafikiri kidogo akasema, ningeajiri mtu wa kumsaidia. Ndiyo hivyo. Ukithibitisha kwamba kazi ni nyingi, dawa yake ni msaidizi wa laki sita, na bosi atakuwa amekusikiliza kabisa, tena atategemea umshukuru, na mshahara wako utabaki palepale. Wingi wa kazi peke yake unaleta msaidizi. Kinachopandisha mshahara ni uzito wa kazi, yani maamuzi na hatari ambazo zamani zilikuwa za mtu mwingine na leo ziko mikononi mwako. Kwa hiyo wingi ulibaki kwenye barua ila ukapewa kazi ya kuutangulia uzito.

Tukaanza kuhesabu. Usihesabu kwa kumbukumbu, maana kumbukumbu inakupa ule mwezi mbaya kuliko yote, na meneja fedha akifungua mfumo akakuta mwezi wa kawaida ni nusu ya ulichoandika, barua yote imekufa. Yeye alifungua programu ya uhasibu, akachukua Julai mpaka Septemba 2022 na Julai mpaka Septemba 2024, miezi ileile, kwa sababu biashara ya mizigo ina misimu na ukilinganisha mwezi mkavu na mwezi wa mizigo ya mwisho wa mwaka unajidanganya. Wastani wa mafaili ya mizigo kwa mwezi ulitoka 62 ukafika 118. Vocha zilizoingizwa zilitoka 410 zikafika 760. Karibu mara mbili zote, na wanaoingiza walitoka wawili wakabaki mmoja. Nikamwambia aandike pia kile kilichopungua, kwamba tangu taarifa za benki zianze kuingizwa moja kwa moja kwenye mfumo, kulinganisha hesabu za benki hakumchukui tena siku nzima. Alisita, akaona anajikata mwenyewe, lakini meneja fedha analijua hilo, na akilikuta limeandikwa na wewe mwenyewe zile namba nyingine ataziamini bila kuzikagua.

Halafu uzito. Hapa nilitaka vitu ambavyo mwaka 2022 vilikuwa vya meneja au vya yule mwenzake na leo ni vyake. Ritani za VAT ambazo mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. PAYE na SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, ambazo mwisho wake ni tarehe 7. Michango ya NSSF na ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Kuandaa mishahara ya watu wote. Kukaa na wakaguzi wa nje mwanzo mpaka mwisho. Na kikubwa kuliko vyote, jambo ambalo mtu wa nje ya biashara hii haliwazi: kutenganisha pesa za mteja zinazopita tu na pesa ya kampuni. Wakala wa forodha analipa kwa niaba ya mteja tozo za bandari, za meli, wakati mwingine na ushuru, halafu anamdai mteja arudishe pamoja na ada yake ya uwakala. Ada ni mapato ya kampuni na inabeba VAT, ila zile za kurudishiwa si mapato ilimradi kila moja ina risiti inayoonyesha ililipwa kwa niaba ya nani. Ukichanganya, TRA wakija wanaona mapato makubwa kuliko uhalisia na wanakukadiria kodi juu ya pesa ambayo haikuwa yako, na kuitetea bila nyaraka haiwezekani. Hiyo kazi ya kutenganisha, faili kwa faili, ilikuwa inapitiwa na meneja. Tangu Septemba 2023 inaishia kwake. Kwangu mimi hiyo sentensi moja ina nguvu kuliko vocha zote 760.

Ushahidi wa soko ndio uliotuchukua muda. Matangazo mengi ya kazi Tanzania hayataji mshahara, yanaandika mshahara mnono au utategemea uzoefu basi. Kwa hiyo alikusanya kwa njia tatu: tangazo moja lililotaja kiwango, mtu wa agensi ya ajira aliyempigia simu akamuuliza moja kwa moja kwamba mhasibu wa kampuni ya mizigo anayesimamia kodi peke yake siku hizi wanamweka wapi, na watu watatu anaowafahamu wanaofanya kazi inayofanana. Alikuwa na namba nyingine mbili kubwa, ya benki na ya shirika la misaada, tukazitupa. Shirika la wafadhili linalipa kwa mkataba wa mradi na bajeti ya nje, benki ina ngazi zake, na mkurugenzi wa kampuni ya familia ukimletea hizo atakwambia basi nenda huko. Tukatupa pia tangazo lililodai CPA, kwa sababu yeye ana digrii na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu inayotoa hiyo CPA, hajaimaliza. Linganisha kazi unayoifanya leo, kwenye kampuni ya ukubwa huo, kwa vigezo ulivyo navyo wewe.

Kosa ambalo wengi wanalifanya hapa ni kuchanganya cha mkononi na kabla ya makato. Sisi tukiongea mishahara tunataja cha mkononi, barua ya ajira inataja kabla ya makato. Mmoja wa wale watatu alisema anashika 1,250,000. Usiweke hiyo kwenye barua, igeuze kwanza. Mwajiriwa anakatwa NSSF 10%, kinachobaki ndicho kinachotozwa PAYE, na kwa anayebaki na zaidi ya milioni moja kodi ni 128,000 jumlisha 30% ya kinachozidi milioni. Ukikokotoa kinyumenyume, anayeshika 1,250,000 mshahara wake kabla ya makato ni kama 1,711,000. Ila muulize pia kama anakatwa bodi ya mikopo, kwa sababu ile 15% inabadilisha kila kitu, huyohuyo anayeshika 1,250,000 baada ya kukatwa bodi basi mshahara wake unazidi milioni mbili na laki mbili. Ni tofauti ya zaidi ya laki tano kwa swali moja ambalo hukuuliza. Huyu hakuwa na mkopo, tukabaki na 1,711,000. Baada ya kugeuza zote, namba za soko zikakaa kati ya milioni 1.4 na milioni 1.75.

Na hapa ndipo nilipomzuia kitu ambacho naomba kila mtu wa akaunti na utumishi akizingatie. Yeye ndiye anayeandaa mishahara ya kampuni. Anajua yule mwenzake aliyeondoka alikuwa analipwa kiasi gani, anajua meneja wa oparesheni analipwa nini, anajua dereva fulani aliongezwa lini. Kwenye rasimu alikuwa ameandika kwamba tangu mwenzangu aondoke kampuni inaokoa kiasi fulani kila mwezi, naombeni nusu yake tu. Hoja kali kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo hakuwa na ruhusa ya kuitumia. Hizo namba alizipata kwa sababu aliaminiwa kuziona, siku anazitumia kwa maslahi yake barua inaacha kuwa ya mshahara inakuwa ya uvujishaji, na anayetaka kumkatalia anapata sababu ya bure. Tukaiondoa namba, tukabaki na ukweli ambao kila mtu ofisini anaujua: nafasi ya pili haijajazwa tangu Agosti 2023. Mkurugenzi anajua mwenyewe alikuwa anamlipa nani nini, hesabu ataifanya kichwani kabla hajafika aya inayofuata. Hata zile takwimu za vocha tulitoa idadi tu, hakuna jina la mteja wala kiasi cha faili lolote, na hakutuma kitu chochote cha ofisi kwenye barua pepe yake ya nyumbani.

Kingine kilichotoka ni ovataimu. Alitaka kuchanganya humohumo zile saa za usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na ovataimu inalipwa mara moja na nusu, hayo ni madai ya kisheria yenye njia yake na kumbukumbu zake. Ukiyaweka kwenye barua ya kuomba mshahara, msomaji anaacha kuona ombi anaanza kuona kesi, na barua inahamia mezani kwa mwanasheria ambako haitarudi mapema. Kama unadai ovataimu, idai peke yake. Kifungu ambacho tulikigusa kwa upole ni cha 15 cha sheria hiyohiyo, kwamba maelezo ya ajira yanakuwa kwa maandishi na yakibadilika mwajiri anayarekebisha kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Hatukutaja namba ya kifungu. Tuliomba tu maelezo ya kazi yaandikwe upya yaendane na kazi anayoifanya, ombi ambalo ni gumu kulikataa, na likishakubaliwa cheo cha zamani na mshahara wa zamani vinaanza kuonekana havikai mahali pake.

Kiasi cha kuomba tulibishana. Yeye alitaka milioni 1.75, kule juu kabisa, ili akipunguziwa abaki pazuri. Mimi naona ukiomba kilele cha soko lazima uwe na vigezo vya kilele, na yeye CPA hana, swali hilo lingeulizwa dakika ya kwanza. Tukakubaliana 1,600,000, katikati kwa kuelekea juu. Hiyo ni nyongeza ya laki tano, asilimia 45 na kitu, na asilimia hiyo hatukuiandika popote kwa sababu ukiisoma bila maelezo inatisha. Badala yake tuliandika gharama kamili kwa mwajiri, na hili ndilo lililomshangaza meneja fedha baadaye. Nyongeza ya 500,000 kwa mwajiri si 500,000. Anaongeza NSSF yake 10% ambayo ni 50,000, SDL ambayo Julai 2023 ilishushwa hadi 3.5% kwa hiyo 17,500, na WCF 0.5% ambayo ni 2,500. Jumla 570,000 kwa mwezi, 6,840,000 kwa mwaka. Upande wake yeye mkononi anatoka 864,500 anaenda 1,180,000, anapata 315,500 tu, zingine zinaishia kwenye kodi na mfuko. Ni vizuri uijue hiyo kabla hujaingia kwenye mazungumzo, ili ukiambiwa tukuongeze laki moja ujue kichwani unaongelea kama elfu sitini na tatu au zaidi kidogo ya mkononi.

Barua ilipoisha ilikuwa ukurasa mmoja, na jedwali dogo la takwimu nyuma yake. Ilikwenda hivi:

"Kwa Mkurugenzi, kupitia kwa Meneja Fedha.

YAH: OMBI LA KUPITIWA UPYA KWA MSHAHARA NA MAELEZO YA KAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Niliajiriwa Machi 2022 kama Mhasibu Msaidizi kwa mshahara wa sh 1,100,000, ambao haujabadilika hadi sasa.

Tangu Agosti 2023 nafasi ya pili ya akaunti haijajazwa na majukumu yake yamekuwa yangu. Kati ya Julai na Septemba 2022 tulishughulikia wastani wa mafaili 62 na vocha 410 kwa mwezi. Kipindi kama hicho mwaka huu ni mafaili 118 na vocha 760. Kazi ya kulinganisha benki imepungua baada ya mfumo kuboreshwa, nami nimezingatia hilo.

Zaidi ya wingi, aina ya kazi imebadilika. Kwa sasa ninawajibika mwenyewe kwa ritani zote za kodi na michango, maandalizi ya mishahara, ukaguzi wa nje, na utenganishaji wa malipo tunayofanya kwa niaba ya wateja na mapato ya kampuni. Tangu Septemba 2023 hakuna ritani iliyochelewa.

Kwa taarifa nilizokusanya kutoka kwenye tangazo la kazi, wakala wa ajira na wenye kazi kama hii katika kampuni za ukubwa wetu, mshahara kabla ya makato uko kati ya sh 1,400,000 na sh 1,750,000. Naomba mshahara wangu uwe sh 1,600,000 kuanzia Januari 2025, na maelezo ya kazi yaandikwe upya. Gharama ya nyongeza hiyo kwa kampuni, pamoja na NSSF, SDL na WCF, ni sh 570,000 kwa mwezi.

Niko tayari kufika kwa mazungumzo siku mtakayoona inafaa."

Ona hakuna neno la kuondoka. Kuna ofa alikuwa ameinusa mahali, hatukuitaja. Ofa ukiitaja lazima uwe tayari kuifuata kesho yake, na yeye hakuwa tayari. Ona pia imepita kwa meneja fedha. Alitaka kumfikia mzee, yani mkurugenzi, moja kwa moja kwa kuwa wanasalimiana vizuri, lakini meneja ndiye atakayeulizwa kama hizi namba ni za kweli, na mtu uliyemruka hana sababu ya kukutetea. Alimpelekea kwanza mkononi, akamwambia kaka naomba uipitie kama kuna namba siyo sahihi unisahihishe kabla haijaenda juu. Akarekebisha moja, mafaili yalikuwa 118 baada ya kutoa yaliyofutwa, yeye alikuwa ameandika 124. Kuanzia hapo namba zikawa za wote wawili. Na aliipeleka Oktoba kwa sababu bajeti yao inafungwa Desemba, barua hiyohiyo ukiipeleka Februari unaambiwa pesa zimeshapangwa na ni kweli.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Kwenye kikao mzee alianza kwa kile tulichotegemea, akasema mwanangu nimeona kazi ni nyingi, nitakuletea kijana wa kukusaidia. Yeye akashukuru, akasema kijana atasaidia sana kuingiza vocha, ila ritani na pesa za wateja bado atakayeulizwa ni mimi, na ombi langu liko upande huo. Meneja fedha akaunga mkono palepale, kwamba wakaguzi mwaka ule hawakuongea naye hata mara moja, waliongea na huyu. Hapo ndipo mazungumzo yalipogeuka yakaanza kuwa ya kiasi.

Alipewa 1,400,000 kuanzia Januari, chini kabisa ya soko, cheo kikabadilishwa kuwa Mhasibu, maelezo ya kazi yakaandikwa upya, na kijana wa kuingiza vocha akaajiriwa kwa mkataba wa mwaka. Mkononi ni 1,054,000. Mzee alitaka kuishia hapo na ahadi ya mdomo kwamba Juni tutaangalia tena. Dada akaomba kwa heshima ile Juni iingie kwenye barua ya mabadiliko, na pembeni yake kiandikwe kitakachoangaliwa. Ikaandikwa: mapitio ya mshahara Juni 2025, kwa kuzingatia hesabu za mwaka kukaguliwa kwa wakati na mitihani ya NBAA ya Mei. Kijana alipoanza kazi yeye alifungua karatasi mpya ya Excel yenye safu tatu, tarehe, jambo aliloamua mwenyewe, na ambaye zamani angeliamua.